Bei ya Dagaa Kwenye Stetasi: Emoji Ipi Ikae Wapi

Mama mdogo anauza dagaa, migebuka na mawese sokoni Mwanga, hapa Kigoma, na matangazo yake ya stetasi ya WhatsApp naandika mimi. Yeye hunitajia mzigo ulioingia na bei yake, mimi naandika, kisha tangazo analisoma mwenyewe kwenye simu kabla halijapandishwa. Kwa sababu ya kazi hiyo nasoma sana stetasi za wauzaji wengine, wa samaki, wa vitenge, wa unga wa muhogo, na karibu wote tunapanga tangazo kwa namna moja: kila mstari unaanza na emoji, na bei nayo inavishwa emoji. Hakuna aliyetufundisha, tumeigana tu. Ni njia nzuri na nitaitetea. Lakini ina mahali inapoharibika, nako ni kwenye bei, wakati bei ndiyo kitu ambacho mteja amefungua stetasi kukitafuta.

Tangazo la kawaida la huku linakaa hivi. Bei zote humu ni za mfano, maana dagaa hana bei ya kudumu.

```
🔥🔥🔥MZIGO MPYA🔥🔥🔥
✅🐟Dagaa sado 💰1️⃣8️⃣0️⃣0️⃣0️⃣💰
✅🐠Migebuka 💵3️⃣5️⃣0️⃣0️⃣ hadi 💵6️⃣0️⃣0️⃣0️⃣
✅🌴Mafuta lita 5 💵22💯
✅Hawana mchanga
```

Ukiliangalia ukiwa umetulia, kila kitu kimo. Sasa lifikirie mikononi mwa mteja, mama mmoja amesimama dukani Gungu, anapitisha stetasi za watu wote aliowahifadhi, moja baada ya nyingine. Stetasi ya maandishi haikai kama ukurasa. Inaonekana sekunde chache kisha inaruka kwenda kwa mtu mwingine, isipokuwa msomaji aishikilie kwa kidole ili isimame. Inapokea hadi herufi 700, lakini kadiri unavyoongeza maneno ndivyo maandishi yanavyopungua ukubwa ili yaenee kwenye kioo. Halafu yanajipanga katikati, si kushoto. Hili la mwisho wengi hawalizingatii. Kwenye karatasi, alama za mwanzo wa mstari husimama kwa safu upande wa kushoto na jicho linashuka nazo. Kwenye stetasi mistari ikipishana urefu, zile ✅ zinatawanyika, moja huku, nyingine kule, na hakuna safu yoyote.

Kwa hiyo emoji ya mwanzo wa mstari kwenye stetasi haina kazi ya kunyoosha orodha. Kazi yake ni rangi: inaliambia jicho kwamba hapa bidhaa mpya imeanza. Hiyo kazi inaiweza vizuri kuliko kistari au nukta, kwa sababu kistari cheupe kwenye kioo chenye vumbi, saa sita ya mchana, hakionekani. Ila inaiweza ikiwa moja. Ukiweka ✅🐟 pamoja, au 🐟🐟🐟, umetumia nafasi ya neno zima, mstari umekuwa mrefu, umevunjika ukashuka chini, na kile kipande kilichoshuka hakina alama. Msomaji anakiona kama bidhaa nyingine.

Nilipoanza kupanga upya matangazo ya mama mdogo, cha kwanza tulichofanya ni kukubaliana emoji gani inasimama kwa bidhaa gani, na isibadilike. Hapo tukagundua uhaba. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hana emoji, migebuka hana, kuhe hana, sangala hana. Kuna 🐟, samaki wa kawaida, ambaye tumempa dagaa na migebuka wote wawili, na jina la samaki linaandikwa kwa herufi. Wengi hutumia 🐠 ili kutofautisha, lakini yule amechorwa mwenye mistari na rangi kama samaki wa mapambo, na Kigoma hii kuna biashara halisi ya samaki wa mapambo wanaotolewa ziwani wakiwa hai na kusafirishwa nje. 🐡 nayo nimeiona kwenye tangazo la migebuka. Huyo ni samaki anayejivimbisha, jamii ambayo wengi wao wana sumu, na hana uhusiano wowote na migebuka ndefu nyembamba tunayoijua.

Kwenye mafuta ndipo inapouma zaidi. 🌴 inaeleweka kwa mtu wa Kigoma, lakini mama mdogo anauza mawese, yale mekundu ya nyama ya chikichi, na msimu mwingine anauza mise, mafuta ya kokwa la ndani. Ni mafuta mawili yenye rangi mbili, matumizi mawili na bei mbili, na yote yanatoka kwenye mchikichi mmoja. Emoji moja haiwezi kuyatenganisha. Mteja wa Dar es Salaam akiiona 🌴 pamoja na neno "mafuta" tu, anawaza mafuta ya nazi, na ana haki, maana mti wenyewe kwenye simu nyingi umechorwa kama mnazi. Kwa hiyo kwetu 🌴 inafungua mstari tu, na neno "mawese" au "mise" halikosekani kamwe.

Sasa bei.

Zile namba za visanduku, 1️⃣8️⃣0️⃣0️⃣0️⃣, zinapendwa kwa sababu zina rangi na zinaonekana kubwa. Lakini jaribu kuzisoma kwa haraka. Kila tarakimu imefungiwa kwenye kisanduku chake, visanduku vyote vina ukubwa mmoja na rangi moja, na hakuna mkato wa kutenga elfu. Ili kujua kama ni 1,800 au 18,000 au 180,000 inabidi uhesabu masifuri kwa kidole. Kwa dagaa mtu atakisia, kwa kuwa anajua sado moja, lile kopo la plastiki la lita 4 lililotokana na makopo ya rangi, haliwezi kuuzwa 1,800. Kwenye kitu ambacho mteja hajawahi kukinunua, kisio hilo hana. Mkato mdogo kwenye 18,000 unafanya kazi kubwa kuliko visanduku vitano vya rangi.

Kuna jambo jingine lisiloonekana. 1️⃣ si alama moja. Ni tarakimu 1 ya kawaida, ikifuatiwa na alama mbili za kompyuta ambazo huzioni, na ya mwisho ndiyo inayochora kisanduku. Kwa macho unasoma 18000, lakini kwa simu kuna vitu katikati ya tarakimu. Ndiyo maana mteja akitumiwa tangazo kwenye chati, kisha baada ya siku mbili akatafuta "18000" humo ndani, simu haimletei kitu. Namba ya simu ikiandikwa kwa visanduku ni vilevile: ndani ya ujumbe, namba ya kawaida hugeuka rangi na ukiigusa unapiga, ya visanduku inabaki mapambo. Nimewaona wauzaji wakiweka namba yao ya kupokelea pesa kwa visanduku, mteja analazimika kuikariri na kuiandika upya tarakimu kwa tarakimu wakati wa kutuma hela. Kosa la tarakimu moja hapo ni pesa kwenda kwa mtu mwingine.

Kisha zile emoji za fedha zenyewe. Hakuna emoji ya shilingi. 💵 ni noti yenye alama ya dola, 💴 ni ya yeni, 💶 ya yuro, 💷 ya pauni, na hata mfuko wa 💰 kwenye simu nyingi umechorwa alama ya dola. Kwa mtu wa Tabora au Singida haina shida, ataichukulia kuwa ni "pesa". Lakini sisi tuko mpakani. Boti za Kibirizi zinakwenda Kongo na Burundi, na upande wa Kongo watu hununua na kuuza kwa dola kila siku. Muuzaji jirani yetu aliandika dumu la mawese la lita 10 kuwa "💵35", akiwa na maana ya elfu thelathini na tano, kama tunavyokatisha sisi wenyewe kwa wenyewe. Mteja wake wa Uvira akasoma dola 35. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya bei. Hakuuliza, hakulalamika, alinyamaza tu akanunua kwingine, na jambo lilijulikana walipokutana uso kwa uso Kibirizi. Bei inayosomwa vibaya haileti ugomvi ambao ungekusaidia kuligundua kosa. Inaleta ukimya, na muuzaji anadhani biashara imelala.

Na 💯 nadhani iondolewe kabisa karibu na namba. Wanaoiweka wana maana ya ubora, lakini "22,000💯" ina tarakimu nane, na mtu asiyezoea anaiona kama nyongeza ya mia.

Kuna tatizo la kuvunjika kwa mstari pia. Emoji haishikamani na namba inayoifuata. Mstari ukijaa, simu inaruhusiwa kukata kati ya 💰 na 18,000, na unapata mfuko wa pesa peke yake mwisho wa mstari, bei imeshuka chini. Tena kila simu inakata mahali pake, kulingana na upana wa kioo na ukubwa wa herufi aliouchagua mwenyewe. Kwako limekaa sawa, kwa mteja limepinda, na huna namna ya kuliona. Dawa tuliyoipata ni kuipa bei mstari wake, mfupi, wenye alama moja inayotangulia na nafasi katikati. Tulichagua 👉 kwa sababu haina maana ya fedha ya nchi yoyote. Inaelekeza tu.

Tangazo la mama mdogo sasa linakaa hivi:

```
MZIGO WA IJUMAA TAREHE 14

🐟 Dagaa wa chanja, sado
👉 18,000/=

🐟 Migebuka mkavu, mmoja
👉 3,500/= hadi 6,000/=

🌴 Mawese, dumu lita 5
👉 22,000/=

✅ Dagaa hawana mchanga
```

Angalia kwamba kila bidhaa ina kipimo chake kwenye mstari wa jina. "Dagaa 18,000" bila kusema sado, kilo au debe si bei. Wauzaji wengi wanaamini 🐟 na picha vinatosha, kisha wanashinda siku nzima wakijibu "ni kiasi gani hicho?" Migebuka nimeiachia "hadi" kwa sababu inauzwa mmoja mmoja kwa ukubwa, na hapo sijapata njia bora zaidi.

✅ imebaki moja, chini kabisa, na hii tulibishana sana na mama mdogo. Yeye alitaka iwe mwanzo wa kila mstari, kama wenzake. Hoja yangu ilikuwa dagaa wenyewe. Dagaa wanaoanikwa chini, mwaloni, wanaokota mchanga, na mpishi yeyote anajua adha ya kuwaosha maji manne matano na bado jino likasaga changarawe. Wanaoanikwa juu ya chanja hawana tatizo hilo, na mama mdogo hununua wa chanja kwa bei ya juu kule Katonga kwa sababu hiyohiyo. Hiyo ndiyo ahadi yake kwa mteja. Sasa alama ya tiki ni alama ya kuthibitisha: nimekagua, ni kweli. Ukiiweka mbele ya migebuka, mbele ya mawese, mbele ya "Karibuni sana", inakuwa haithibitishi chochote, na pale unapokuja kusema dagaa hawana mchanga, jicho limeshazoea kuiruka. Ikibaki moja, mteja anaiona na anauliza swali sahihi: kweli hawana? Na mama mdogo humwambia, njoo uwamwage kwenye ungo uone.

Tarehe hapo juu si pambo. Stetasi inaishi saa 24 kisha inajifuta, na wauzaji wengi wanaitegemea hiyo kuwa ulinzi wao: bei ya jana imepotea yenyewe. Kwa dagaa ulinzi huo unahitajika kweli. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, samaki wanaufuata mwanga juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haushindani nao, mavuno yanashuka, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Sado iliyokuwa 18,000 kwenye giza inaweza kupanda ndani ya siku chache za mbalamwezi. Mwaka 2024 hata giza halikusaidia: uvuvi upande wetu wa ziwa ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na aliyekuwa na dagaa mkavu ghalani ndiye aliyekuwa na bei.

Lakini saa 24 hazimzuii mtu kupiga skrinshoti. Mteja anaihifadhi picha ya stetasi, anamtumia shemeji yake Kasulu, shemeji anakuja wiki ya pili na simu mkononi akidai sado la 18,000. Kama tangazo halina tarehe, ubishi huo muuzaji hashindi kwa heshima. Kama linayo, mama mdogo anaonyesha kidole tu: "Hiyo ya Ijumaa iliyopita, mwanangu, mwezi umepanda." "Leo" peke yake haitoshi, kwa kuwa kwenye skrinshoti kila siku ni leo.

Kitu kikiisha katikati ya siku, stetasi iliyokwishapandishwa hairekebishwi. Inafutwa na kuwekwa nyingine. Hapo tunaandika neno IMEISHA mahali pa bei, na ❌ mbele yake. Nimeona wengine wakitumia miduara, 🟢 kwa kilichopo na 🔴 kwa kilichokwisha, bila neno. Ni nadhifu, ila ina mitego miwili. Kuna watu ambao nyekundu na kijani machoni mwao zinakaribiana sana. Na 🟢 ni mpya kuliko 🔴: ule mwekundu uliingia kwenye orodha ya kimataifa ya emoji mwaka 2010, wa kijani mwaka 2019. Simu yenye programu ya zamani inauonyesha wa kijani kama kiboksi kitupu, na mteja anaona nyekundu kwa kilichoisha na kiboksi kwa kilichopo. Neno linapita kwenye simu zote.

Jaribio ninalolifanya kabla ya kupandisha ni kufuta emoji zote na kumpa mama mdogo asome kilichobaki. Kama bado anajua ni kitu gani, kipimo gani, bei gani na siku gani, tunazirudisha emoji na kupandisha. Kama kuna mstari umekufa, basi emoji ilikuwa inabeba kazi ya neno, na neno linaandikwa.

Lile tangazo lililofutwa emoji halitupwi, kwa sababu wateja wake wa vijijini, Mwandiga na kwingine, wana vitochi na hupata habari kwa meseji ya kawaida. Huko emoji ina gharama ya fedha taslimu. Meseji moja ya herufi za kawaida inabeba 160. Ukiingiza emoji hata moja, simu inabadilisha mfumo wa herufi kwa ujumbe mzima, na meseji moja inabeba 70 tu. Huu hapa ujumbe wake wa meseji, kama herufi mia moja hivi:

```
Dagaa wa chanja sado 18,000/= Migebuka mkavu 3,500/= hadi 6,000/= Mawese lita 5 22,000/= Mwanga sokoni
```

Hivyo ulivyo ni meseji moja. Weka 🐟 moja mwanzoni, zinakuwa meseji mbili kwa kila mteja, na kwenye kitochi ile samaki huenda ikafika kama kiboksi kitupu. Mama mdogo huituma kwa watu wengi mara moja, kwa hiyo kabla ya kutuma huwa anaangalia ile namba ndogo pembeni ya kisanduku cha kuandikia, inayoonyesha herufi zilizobaki na idadi ya meseji. Ikiwa imeruka ghafla kwenda 2 wakati maneno ni machache, kuna emoji imejificha humo, mara nyingi mwishoni, na anaifuta.